Uzoefu wangu: kupanga vyumba na chakula cha msafara wa umra na hoteli ya Makka kwa WhatsApp

Ninachokipima hapa ni ofisi ya vikundi ya hoteli moja ya nyota nne kwenye barabara ya Ibrahim Al-Khalil, Makka, iliyopokea msafara wetu wa watu 46 kutoka Dar es Salaam, Desemba 2025. Jina la hoteli naliacha, kwani kasoro zake utazikuta katika hoteli nyingi zinazoishi kwa vikundi. Mawasiliano yote yalikuwa ya WhatsApp, upande wao akiwa kijana wa Mombasa anayefanya kazi hapo, kwa hiyo tuliandikiana Kiswahili. Kwa ujumla nawapa nyota tatu na nusu: vyumba vizuri, majibu ya haraka, ila ujumbe ukifika ofisi ya vikundi hausafiri wenyewe kwenda mapokezi wala jikoni.

Nianze na vyumba, maana hapo ndipo pesa ilipo. Tulikuwa wanaume 17 na wanawake 29. Wanandoa walikuwa jozi sita, wakapata vyumba sita vya wawili. Wakabaki wanawake 23, yaani vyumba vitano vya wanne na kimoja cha watatu, na wanaume 11, vyumba viwili vya wanne na kimoja cha watatu. Jumla vyumba 15. Hesabu hii ipeleke kwa hoteli kabla ya majina, kwa sentensi moja: sita vya wawili, viwili vya watatu, saba vya wanne. Ukitanguliza majina, wao watakupangia kwa vyumba walivyonavyo, na utakuja kusikia chumba cha wanne kimegeuka vyumba viwili vya wawili vilivyo mbalimbali.

Kisha omba picha ya hicho chumba cha wanne. Pale Makka vingi ni vyumba vya vitanda vitatu vilivyoongezwa kitanda cha kukunja. Tiketi yetu iliruhusu mizigo miwili kwa kila mtu, hivyo chumba kimoja kilikuwa na masanduku manane, na kitanda cha kukunja kikifunguliwa mlango wa bafu haufunguki wote. Hoteli hii ilituma picha siku hiyohiyo, na kwa vyumba viwili kati ya saba ikakubali kubadilisha. Hilo nawasifu.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, hata kama msafara mzima unamjua mtu kwa Bi. Mkubwa au Mzee wa Kariakoo. Kwa kila mstari wa orodha tuliweka namba ya chumba tuliyoibuni wenyewe, M1 hadi M15, jina, jinsia, na safu moja ya mwisho ya mambo ya lazima: kiti cha magurudumu, kisukari, anayehitaji kuwa chumba kimoja na mama yake. Zaidi ya hapo hakuna anayesoma.

Mambo yalianza kuyumba wiki ya mwisho, viza ya mwanamke mmoja ilipokosekana. Wengi hapa hukimbilia kupanga upya wanawake wote 22, na kila kuhama kunazaa orodha mpya. Sisi tulimtoa kwenye chumba cha watatu na kukiacha na watu wawili. Chumba hulipiwa kwa chumba, kitanda kikibaki kitupu bei ni ileile. Chakula hulipiwa kwa kichwa, kwa hiyo ujumbe ulikuwa mfupi:

"Kaka, M13 sasa watu 2 badala ya 3. Vyumba vinabaki 15. Chakula kuanzia leo ni watu 45. Orodha mpya ni VYUMBA-TOLEO-3, ya 2 ifutwe."

Jibu lake: "Sawa Maalim, nimepokea, nawapelekea mapokezi." Hapo ndipo penye mtego. "Nimepokea" ni neno la ofisi ya vikundi, inayofunga jioni. Msafara unafika usiku, na mtu wa zamu ya usiku anafanya kazi kwa karatasi iliyochapwa mezani. Dawa ni kuomba, jioni ya siku ya kufika, picha ya karatasi ile ilivyo mezani. Picha ilipokuja ilikuwa toleo la 2, lenye watu 46 na jina la aliyebaki Dar. Ilichukua dakika kumi kusahihishwa. Ingegunduliwa tukiwa tumesimama pale na mizigo, yangekuwa mazungumzo marefu.

Jambo la pili ni usiku wa kwanza. Ndege ilikuwa itue Jeddah tarehe 20 saa 21:40. Pasipoti, mizigo, basi na mwendo wa kilomita zipatazo 85 vinakuleta mlangoni kama saa nane usiku, na kalenda imeshahama kwenda tarehe 21. Ukiandika "tunafika tarehe 21", hoteli itakushikia vyumba kuanzia saa kumi jioni ya tarehe 21, na watu 45 watakaa kwenye makochi kwa muda wa saa kumi na nne. Andika idadi ya usiku na taja usiku wa kwanza: "Usiku 6. Wa kwanza ni wa kuamkia tarehe 21. Kuingia 20, kutoka 26." Usiku huo unaulipia wote, hakuna nusu. Tarehe hizo pia ndizo zinazopaswa kuonekana kwenye mkataba wa malazi ulioingizwa Nusuk Masar, mfumo wa Saudia wa kusajili misafara, kwa hiyo usikubali barua ya uthibitisho yenye tarehe tofauti na za gumzo lenu.

Kuhusu kadi za milango, tuliwatumia nakala za pasipoti na viza siku tatu kabla, katika faili moja lililofuata mpangilio wa M1 hadi M15. Wao wakaandaa bahasha 15 zenye namba zetu juu na kadi mbili ndani ya kila moja. Kadi mbili kwa watu wanne hazitoshi: wawili wakienda msikitini na wawili sokoni, kuna atakayebaki nje. Omba ya tatu mapema, maana usiku ule mashine ya kadi huwa na foleni.

Tuliomba pia ghorofa moja. Jibu la kweli la hoteli yoyote ni "tutajitahidi", na tulipata mbili zinazofuatana. Kwa wazee cha kuuliza zaidi ni lifti. Dakika ishirini kabla ya adhana na nusu saa baada ya sala lifti zote zinajaa, na mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuziona tano zikipita. Tuliwawekea watu hao ratiba ya kushuka dakika 45 kabla ya adhana.

Chakula ndiko nilikokata nyota. Mkataba ulikuwa milo mitatu, na saa za bufe za hoteli hazikuandikwa kwa kufuata sala. Mwishoni mwa Desemba alfajiri ya Makka ni karibu 05:30, na isha karibu 19:15. Chakula cha usiku kilikuwa kimewekwa 18:30 hadi 21:00. Kwenye karatasi kinapendeza, ila magharibi ni karibu 17:45 na watu wengi hukaa Msikitini mpaka isha, kwa hiyo kikundi kinarudi saa mbili kasoro na zaidi, kwa pamoja, na kukuta wali umekauka. Tuliomba sufuria za pili zitoke 19:50. Walikubali, na kuanzia siku ya pili walitimiza.

Kosa kubwa lilikuwa la saa. Siku ya ziara ya Jabal Nur, Arafa, Muzdalifa na Mina basi lilipaswa kuondoka 07:30, na kwenye gumzo tuliomba kifungua kinywa "saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yaani 06:30". Yule kijana aliisoma sawa, akampa mwenzake kwa mdomo, na karatasi ya jikoni ikaandikwa 12:30. Mkuu wa jikoni akaelewa ni chakula cha mchana cha mapema. Saa 06:35 meza zilikuwa na chai na mikate ya jana. Tangu hapo kila ujumbe wetu ulibeba saa za tarakimu nne tu, na ombi la kesho lilitumwa kabla ya 16:00 kwa ofisi ya vikundi na meneja wa mgahawa pamoja, katika kundi dogo la WhatsApp lenye watu wanne. Ukiweka wasafiri humo, litajaa salamu na dua, na jikoni wataacha kulisoma.

Jikoni kulikuwa na wapishi wa Kihindi na Kipakistani, viungo vikali. "Chakula kisicho na pilipili" ni ombi linalopotea. Lililofanya kazi ni kutaja chombo na idadi: sufuria moja ya wali mweupe wa watu 15, uji usio na sukari wa watu 8, mayai ya kuchemsha 20. Ugali usiombe, utaletewa kitu kingine kwa jina hilo.

Siku ya kutoka ilikuwa Ijumaa, na mwisho wa vyumba ulikuwa 12:00, wakati Ijumaa inaswaliwa karibu 12:20. Basi halisogei karibu na Msikiti wakati ule. Tuliomba vyumba viwili tu vibaki hadi 15:00, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, kwa kuoga na wagonjwa kupumzika, na mizigo yote itolewe milangoni 09:00 ikiwa na vitambulisho vya rangi moja. Hoteli ilitupa vyumba hivyo bure. Basi liliondoka 15:10, na kwa kilomita takriban 450 hadi Madina chakula cha usiku cha hoteli ya kule kilibidi kisogezwe hadi 22:00. Ujumbe huo tuliutuma Alhamisi, sio tukiwa njiani.

Ankara ilikuja na mistari miwili ya kuhojiwa. Kwanza, chakula cha watu 46 kwa siku zote. Ule ujumbe wa M13 wenye tarehe na saa ulitosha kurekebisha. Pili, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15 ilikuwa imejumlishwa juu ya bei iliyokwisha kuwa na kodi ndani. Wakaiondoa walipotumiwa picha ya uthibitisho wa kwanza ulioandikwa "kodi imo". Bila maneno hayo mawili sidhani kama wangeiondoa.

Vyumba vyao nitavichukua tena. Chakula cha mchana nitakiacha nje ya mkataba: wengi wetu walikula bondeni Misfala, na tulilipia bufe iliyokuwa na watu ishirini.