TAHADHARI: Noti feki za elfu moja zinazungushwa Kongowea, na hubadilishwa baada ya wewe kukagua

Ndugu zangu wa Kongowea, na wenzetu wa Mwembe Tayari na Likoni ambao huenda hawa watu wakawafikia kesho, someni hii kabla hamjafungua biashara. Kuna mwanamume na mwanamke wanapita vibandani saa za magharibi wakinunua vitu vidogo vidogo kwa noti ya elfu moja. Jirani yangu anayeuza viatu vya mitumba ameachiwa moja. Mama anayeuza nazi upande wa pili ameachiwa nyingine. Tulipoziweka mezani pamoja tukaona nambari zake zinafanana kuanzia herufi ya mwanzo mpaka tarakimu ya mwisho. Kila noti halali ina nambari yake peke yake, kwa hiyo hapo hapakuwa na la kubishania. Na zikiwa mbili za nambari moja katika safu moja ya vibanda, basi mahali fulani liko bunda.

Jirani yangu si mtu wa kudanganywa kirahisi. Yeye hukagua kila elfu inayoingia, na siku hiyo pia alikagua. Nieleze jinsi walivyompita, kwa sababu hapo ndipo penye hatari.

Walichagua kandambili za shilingi 150. Mwanamume akatoa elfu, na hiyo ya kwanza ilikuwa noti halali kabisa. Jirani akaipapasa, akaiinua kwenye taa, akaridhika. Kabla hajahesabu chenji, mwanamke akasema, "Hebu mrudishie, kaka, mimi nina ndogo ndogo." Noti ikarudi mfukoni mwa mwanamume. Mwanamke akapekua mkoba, akahesabu sarafu, zikawa hazifiki. "Basi samahani, kaka, chukua tu ile elfu." Iliyotoka mfukoni mara ya pili siyo iliyoingia. Lakini kichwani mwa muuzaji noti hiyo imeshakaguliwa, na nyuma kuna mteja mwingine anauliza bei ya raba. Akatoa chenji ya 850 na kandambili juu yake. Elfu nzima imekwenda.

Kwa hiyo noti ikishatoka mkononi mwako, hata kwa sekunde mbili, ikirudi ihesabu kuwa ni noti ngeni na uikague upya. Mteja mwema hatakasirika.

Sasa niwaeleze tulichokiona kwenye hizo noti mbili tulipozilaza kando ya elfu halali. Wengi wetu tunasema "nitaijua tu nikiishika", na kushika peke yake hakutoshi.

Tuanze na mkono hata hivyo, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa pamba, haitokani na miti kama karatasi ya daftari, ndiyo maana ni ngumu na huwa na mlio fulani ukiitikisa. Maandishi makuu nayo hupigwa chapa kwa nguvu kubwa sana, wino ukabaki umetuna juu ya karatasi. Katika noti zetu hizi zilizotoka Juni 2019, zenye picha ya jumba la KICC, pitisha ukucha polepole juu ya neno KENYA, kisha juu ya tarakimu ya thamani, kisha kwenye vile vistari vya pembeni. Vistari hivyo viliwekwa kwa ajili ya wasioona: noti ya hamsini ina kimoja, vinaongezeka mpaka elfu ina vitano. Ukucha unatakiwa ukwaruze, usiteleze. Kwenye feki ya jirani ukucha ulipita juu ya KENYA sawasawa na ulivyopita mahali pasipo na maandishi. Ya mama wa nazi ilikuwa na ujanja zaidi: mtu alikuwa ameibonyeza kwa nyuma ili vistari vitokeze. Ukiigeuza unaona mashimo yake upande wa pili, na wino wenyewe uko bapa.

Mipaka ya kugusa ni hii. Noti halali iliyozeeka, iliyokunjwa kwenye lesso na kushikwa na mikono yenye mafuta ya samaki, hulegea na mitutumko yake hulika. Ukiikataa kwa hilo tu utamdhulumu mwenye nayo. Na feki mpya mpya hukakamaa vizuri tu. Kwa hiyo mkono ukikutilia shaka, au giza likiwa limeanza kuingia, nenda kwenye alama ya maji.

Alama ya maji ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu hakuna wino ndani yake. Inafanywa wakati karatasi bado ni rojo: sehemu nyingine inaachwa nene, nyingine nyembamba, na mwanga unapita penye wembamba zaidi. Katika noti za Kenya utaona kichwa cha simba, herufi CBK na tarakimu ya thamani. Mambo mawili ya kutazama. La kwanza, laza noti mezani bila taa nyuma yake: simba anatakiwa karibu apotee. Feki ya jirani ilimwonyesha simba hata ikiwa imelala juu ya kiatu, kwa sababu alichapwa kwa wino wa kijivu upande wa nyuma. La pili, inua noti mbele ya mwanga na utazame uso wa simba. Wa halali ana kivuli kinachobadilika kidogo kidogo, kutoka weusi wa manyoya mpaka weupe wa pua, bila mstari wa kukata. Wa feki ana rangi moja tu na kingo kali, mithili ya muhuri uliogongwa. Herufi CBK na tarakimu, kwenye noti halali, zinang'aa kuliko karatasi inayozizunguka. Na tarakimu ya ndani lazima ilingane na iliyoandikwa nje.

Hapa soko letu lina tatizo lake. Saa za magharibi balbu ya kibanda iko juu ya kichwa, na watu huinua noti chini yake wakatazama mwanga unaoidunda usoni. Hivyo huoni kitu. Mwanga lazima uwe nyuma ya noti. Washa tochi ya simu, iweke kwenye meza ikitazama juu, kisha pitisha noti juu yake. Simba anajitokeza papo hapo, na mteja hahisi kwamba unamshuku, maana mkono haujainuka hata.

Ukiwa na noti juu ya tochi, tazama na uzi. Uzi wa usalama umefumwa ndani ya karatasi. Juu ya noti unaonekana vipande vipande, kwa sababu unatokeza na kuzama. Ukiwekwa mbele ya mwanga, vipande hivyo huungana vikawa mstari mmoja mweusi usiokatika kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini. Hizi feki zina vipande vya karatasi ya kung'aa vilivyobandikwa juu. Mbele ya mwanga vipande vilibaki vipande, katikati yake pakiwa peupe, na kimoja kilibanduka nilipokikwangua kwa ukucha. Kisha inamisha noti huku na huku. Uzi wa elfu ya 2019 hubadilisha rangi za upinde wa mvua. Wa hamsini na wa mia hutoka nyekundu kwenda kijani. Wa feki unang'aa tu, rangi yake ni ile ile kila upande.

Lakini tusije tukawaonea watu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa noti zenye saini mpya na uzi mpya, na kila thamani ikapewa uzi wenye namna yake ya kubadilisha rangi. Sura nyingine zote zilibaki za 2019, na noti za zamani za toleo hilo bado ni pesa halali. Kwa hiyo ukiona elfu mbili zina nyuzi zisizofanana, soma kwanza mwaka ulioandikwa. Kinachotakiwa ni uzi uwe ndani ya karatasi na rangi igeuke unapoinamisha, si lazima ufanane na wa jirani yake.

Kuna waliouliza kuhusu ile taa ya zambarau inayouzwa madukani. Inasaidia, lakini msiitegemee peke yake. Karatasi ya kawaida ina dawa ya kung'arisha, na chini ya taa hiyo inawaka weupe wa samawati. Karatasi ya noti halali hubaki imefifia. Shida ni kwamba dawa hiyo hiyo imo kwenye sabuni nyingi za unga. Elfu halali iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa na suruali itawaka kama feki. Pale taa ikisema feki na simba akisema halali, mimi namsikiliza simba.

Ukiigundua mkononi mwa mteja, irudishe kwa upole, mwambie hii siwezi kuipokea, naomba nyingine au tuma kwa simu. Nawasihi, msipige kelele ya "mwizi". Sote tunajua kelele hiyo inavyoishia sokoni, na mwenye noti anaweza kuwa kijana wa boda aliyeachiwa nayo nusu saa iliyopita bila kujua. Hawa wawili ninaowasema wanatambulika kwa ule mchezo wa kuomba noti irudi, hawatambuliki kwa sura wala mavazi.

Ukiigundua baadaye, imeshaingia kwenye pesa zako, hasara imekufika. Benki haitakupa halali badala yake. Najua inauma, mama wa nazi faida yake ya siku nzima haifiki hapo. Hata hivyo usiipitishe kwa mwingine: ukiitumia ukijua ni feki, kosa la jinai limekuwa lako. Usiikunje wala kuichana. Itie kwenye bahasha, andika siku, saa na mahali ulipoipata, uipeleke benki au kituo cha polisi.

Zetu mbili zinapelekwa polisi kesho asubuhi. Aliyeuza chochote kwa elfu moja wiki hii kati ya magharibi na isha, hasa akiwa alirudishiwa noti baada ya kuirudisha mwenyewe, azitazame leo usiku juu ya tochi. Ukikuta simba wa kijivu, usiwe nayo kimya: njoo kibandani kabla ya saa tatu tulinganishe nambari, twende pamoja.