Tahadhari: gurudumu "jipya" linalozunguka sawa lakini spoku zimelegea (Busia, Uganda)

Ndugu zangu mnaobeba mizigo kwa baiskeli huku Busia na Tororo, kuweni macho na magurudumu ya nyuma yanayouzwa sokoni yakiwa yameshasukwa. Mimi nimeshaliwa.

Nililipa shilingi 85,000 kwa gurudumu la inchi 28 lenye spoku 40. Muuzaji aliapa kwamba kila kitu ni kipya, kisha akalizungusha huku ameweka kidole kando ya rimu. Halikuyumba hata kidogo, nikaridhika. Kumbe rimu mpya huwa imenyooka yenyewe, hata spoku zikiwa legevu.

Siku ya nne, nikiwa na gunia la mahindi, spoku ya kwanza ililia "tang!" Kabla sijafika Tororo zilikuwa zimekatika nne, zote penye kikunjo, pale zinapoingia kwenye habu. Fundi wa mtaani kwetu alipoziona tu akasema hazikukazwa. Gurudumu likibeba mzigo, spoku zilizo chini hulegea kidogo, zikipanda juu hukaza tena. Ikiwa zilikuwa legevu tangu mwanzo, zinacheza kwenye tundu kila mzunguko, na chuma kinachoka palepale kama waya unaopindwa huku na huku.

Kwa nini yule bwana hakuzikaza? Tulipong'oa ule utepe wa mpira unaofunika ndani ya rimu, jibu likaonekana. Spoku 12 zilikuwa fupi kuliko wenzake, kama milimita 4 hivi, za kuokota kwenye magurudumu mengine na kupakwa rangi ya fedha. Nipeli zake zilikuwa zimeshika nyuzi tatu au nne tu. Angeweka ufunguo wa spoku na kukaza kweli, nyuzi zingechunika mbele ya mteja. Spoku ya urefu sahihi ncha yake hufika kwenye mfereji wa bisibisi ulio kichwani mwa nipeli. Ikipita hapo sana, itatoboa tyubu.

Fundi alilisuka upya kwa spoku 40 za urefu mmoja. Alikaza zote kidogo kidogo kuzunguka rimu nzima, ndipo akaanza kunyoosha: rimu ikivutika kushoto, analegeza ya kushoto robo mzunguko na kukaza ya kulia robo. Ilimchukua karibu saa mbili. Basi mkiona gurudumu la bei rahisi lililosukwa haraka haraka, jiulizeni.

Mkiwa dukani, msidanganywe na kidole. Baneni spoku mbili zinazokwenda sambamba. Zikibonyea kama kamba ya kuanikia nguo, liacheni gurudumu hilo. Zigongeni pia kwa ufunguo: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Halafu ombeni utepe ufunuliwe muone nipeli.

Nilimrudia muuzaji, akaniambia nilizidisha mzigo. Spoku zake fupi ninazo kwenye mkebe. Anayetaka kuzilinganisha aje.