Namba ya mchango wa harusi: pesa ya shangazi imeingia, jina lake halimo

Nimekuwa mweka hazina wa harusi ya mpwa wangu hapa Mombasa, na tulilipia huduma ya kampuni moja ya hapa mjini inayokusanya michango kwa M-Pesa. Unapewa namba yako ya Paybill, mchangaji anapata ujumbe wa shukrani wenye jina la harusi, na kila jioni unatumiwa ripoti. Namba ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Kilichoniudhi ni ripoti, na kijana wa ofisini kwao.

Kila mtu wa kamati alipewa alama ya kuwapa wachangaji wake waiandike kwenye sehemu ya akaunti, mfano HS27. Alama hizi si mapambo. Ripoti inaleta jina la kwanza tu, na namba ya simu imefichwa katikati. Sasa hapa pwani, nikiambiwa Fatuma ametuma elfu moja, ni Fatuma gani? Wa Kisauni, wa Majengo au jirani yetu? Bila alama, jina hilo halinisaidii kitu.

Shangazi yangu wa Likoni hana WhatsApp. Alisomewa namba na jirani, akatuma 3,000, na kwenye akaunti akaandika "harusi". Ujumbe wa M-Pesa ukamfikia. Wa shukrani haukuja. Akanyamaza. Orodha ilipotumwa kwenye kundi, binti mmoja akamwambia hamo. Akanipigia usiku huo: "Mwanangu, mchango wangu ni mdogo hata usitajwe?" Mtu mzima anayeishi kwa kuuza mahamri anauliza hivyo. Sikulala.

Hesabu ya siku ile naikumbuka. Huwa nachukua salio la jana, naongeza yaliyoingia, natoa tuliyotumia na makato, na jibu lazima liwe sawa na salio la leo. Hatukutoa chochote siku hiyo, na makato wanayakata wakati wa kutoa tu. Salio lilikuwa limepanda 38,500. Nikajumlisha majina yote ya orodha, nikapata 35,500. Nikarudia, 35,500 tena. Kwa hiyo pesa ilikuwepo, jina ndilo halikuwepo. Mweka hazina asiyelinganisha salio na orodha hawezi kuona pengo hilo, kwa sababu orodha yenyewe inajumlika vizuri kabisa.

Nikamwomba shangazi amwambie mjukuu anisomee ile namba ya muamala ya mwanzo wa ujumbe wa M-Pesa, herufi na tarakimu kumi. Namba hiyo haijirudii kwa malipo mengine, na ndiyo ya kutafutia. Jina linafanana na kiasi kinafanana, namba ya muamala haifanani. Nikaitafuta kwenye ripoti, haimo. Asubuhi nikaenda ofisini kwao.

Kijana hakuinua macho. "Mama, akaunti iliandikwa vibaya. Mfumo hauna kosa." Nikamwambia, mwanangu, mimi sijaja kutafuta mwenye kosa, nataka kujua pesa iko wapi. Ndipo akafungua ukurasa ambao mimi sijawahi kuonyeshwa: fungu la malipo ambayo alama zake hazikutambulika. Ya shangazi ilikuwa pale, namba ya muamala ile ile. Na chini yake yalikuwa malipo mengine ya harusi yetu, ya siku za nyuma, ya watu ambao hawajalalamika. Siku hizo salio lilikuwa likipanda huku tukiagiza vitu na kutoa pesa kila siku, na ripoti yao ikaja na makato yamejumlishwa pamoja na matumizi. Pengo likafichika humo.

Wangeweza kulizuia tangu mwanzo. Paybill inaweza kuwekwa ikatae alama isiyojulikana papo hapo, malipo yasipite na mchangaji aone mara moja. Au kama wanataka kupokea kila kitu, basi fungu hilo liwe mstari mmoja mwishoni mwa ripoti ya jioni. Hawakufanya hili wala lile, na bado wanaiita ripoti kamili.

Nilitaka kuandika kwamba naipendekeza. Kusema haki, hakuna shilingi iliyopotea, na kuna jamaa aliyetuma picha ya ujumbe wa 10,000 ambao namba yake ya muamala haikuwa kwenye ripoti wala kwenye lile fungu, na hela haikuwahi kuingia. Kwa daftari na pesa mkononi tungebishana naye mpaka leo. Lakini nikikumbuka wale walionyamaza, waliochanga na hawakushukuriwa, wakadhani tumewadharau, siwezi kuwasifu hawa. Tumeshawapigia mmoja mmoja kuwaomba radhi. Kampuni haijampigia hata mmoja.

Mwenye harusi mbele yake, kabla ya kulipa chochote waambie wakufungulie ukurasa ule. Wakikataa, ondoka.