Kapo ya springi na kapo ya skrubu: G inapogeuka kuwa Bb

Asalaam aleikum wapenzi watazamaji, karibuni tena barazani, hapa Mji Mkongwe. Ni baada ya alasiri, kwa hiyo mkisikia vespa zinapita uchochoroni nakuombeni mvumilie. Leo nina vitu viwili mkononi. Hii ni kapo ya springi, ile unayoibana kama kibanio cha nguo. Na hii ni kapo ya skrubu, unaivisha shingoni kwa gitaa kisha unaikaza kwa kuzungusha hiki kidude nyuma. Ya springi nilinunua shilingi 25,000, ya skrubu imenigharimu karibu mara mbili yake. Nimezitumia zote mbili kwa miezi minne katika mazoezi ya kikundi chetu, na nitakwambieni ipi nimebaki nayo. Lakini kwanza tuelewane kapo yenyewe inafanya nini, maana nimeona watu wengi wanaifunga vizuri kabisa halafu hawajui wanapiga kii gani.

Nianze na kisa chenyewe. Tuna dada anatuimbia, na wimbo wetu mmoja tuliutunga kwa G. Kodi zake ni nne tu: G, C, D na Em. Rahisi, nyuzi wazi nyingi, gitaa linapumua. Dada akaimba mara mbili, akaniambia, "Kaka, huku chini sauti yanizama, nipandishie." Tukajaribu A, bado. Tukafika Bb, yaani B flati, uso wake ukafunguka. Pale ndipo pakawa pazuri kwake.

Sasa mpiga gitaa akiambiwa Bb anakunja uso. Bb bila kapo ni kodi ya kubana, kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi. Eb nayo ni ya kubana, F ya kubana, Gm ya kubana. Wimbo wa dakika tano mkono wote unawaka moto, na ule mlio wa nyuzi wazi uliokuwa ndiyo uzuri wa wimbo umekwisha.

Tazameni hapa shingoni. Kila freti moja ni nusu sauti. Ukihesabu kutoka G: freti ya kwanza G shapu, ya pili A, ya tatu Bb. Basi. Naifunga kapo freti ya tatu, inabana nyuzi zote kwa pamoja, kisha napiga umbo lile lile la G nililolizoea, vidole vile vile, na inayotoka ni Bb. Sikilizeni. Umbo la C linatoa Eb. Umbo la D linatoa F. Umbo la Em linatoa Gm. Zile kodi nne za kubana zimegeuka kuwa kodi nne za mtoto wa wiki ya pili ya mafunzo.

Kumbukeni kitu kimoja mnapohesabu: kati ya E na F hakuna shapu, na kati ya B na C hakuna pia. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Em hadi Gm ni freti tatu: F, F shapu, G. Ukihesabu E, halafu E shapu, halafu F, umeshapotea.

Haya. Lakini kuna njia nyingine ya kufika Bb, na hapa ndipo pananipendeza zaidi. Ondoa kapo freti ya tatu, ilete freti ya kwanza, upige maumbo ya A. Umbo la A linakuwa Bb, D linakuwa Eb, E linakuwa F. Kii ni ile ile, dada anaimba pale pale. Ila sikilizeni ile kodi ya F. Hii ni F kutoka umbo la D, kapo freti ya tatu... Na hii ni F kutoka umbo la E, kapo freti ya kwanza... Mmesikia? Ya pili imeshuka chini, nzito, kwa sababu besi yake iko kwenye uzi wa sita, ule mnene kuliko wote. Ya kwanza besi yake iko uzi wa nne, oktava nzima juu. Ukiwa na besi gitaa kwenye kikundi, chukua ile ya juu ili msigongane huko chini. Ukiwa peke yako na mwimbaji, ile nzito itakusaidia kujaza. Bei ya kulipa ni moja: kwa maumbo ya A ile kodi ya nne, Gm, inatoka kwenye umbo la F shapu maina, na hiyo ni ya kubana. Mie kwa wimbo ule nimebaki freti ya tatu, kwa sababu Gm inakuja kila mstari.

Na kama mna magitaa mawili, mmoja akae freti ya tatu na maumbo ya G, mwengine freti ya kwanza na maumbo ya A. Kodi ni zile zile, lakini kila mmoja anagusa noti mahali pake, na masikio yanapata kitu kipana. Jaribuni hilo, ni tamu.

Sasa niseme kosa langu, maana liliharibu zoezi zima. Tulikuwa na mzee wetu wa akodiani, maalim mwenye masikio makali. Akaniuliza, "Mwanangu, tupo kii gani?" Nikamjibu, "G, Maalim." Kwa kuwa vidole vyangu viko kwenye G! Tukaanza, na mara ikawa vurugu. Akodiani inatoa G, yaani noti G, B na D. Mie natoa Bb, D na F. Noti ya D tunashirikiana, kwa hiyo kwa nukta moja ukadhani tunakwenda sawa, kisha B yake inasuguana na Bb yangu mpaka meno yanauma. Maalim akasimamisha, akaja akaangalia shingo ya gitaa, akagusa kapo kwa kidole. Hakusema neno, akapiga Bb, tukaendelea. Tangu siku ile, nikiulizwa kii nataja inayosikika, si ninayoishika. Akodiani, kinanda, fidla, wao hawajui wala hawahitaji kujua umbo lako. Umbo mwambie mpiga gitaa mwenzako tu: "G, kapo ya tatu."

Na mwimbaji akitaka ushuke? Kapo haishushi, inapandisha tu. Tuseme G imekuwa juu kwake, anataka F. Hapo badilisha umbo: chukua E kapo ya kwanza, au D kapo ya tatu, au C kapo ya tano. Zote ni F. Ya tano tayari gitaa linaanza kusikika jembamba, na mie zaidi ya freti ya saba sipendi kwenda, kule freti zimebanana na besi imekwisha.

Turudi kwa hizi bidhaa zenyewe. Nimefunga tyuna hapa kichwani kwa gitaa. Nyuzi nimezitia sawa bila kapo. Naweka ya springi freti ya tatu. Kuanzia uzi mnene tyuna inatakiwa isome G, C, F, A shapu, D, G. Hiyo A shapu msishtuke, ndiyo Bb, ni noti moja. Sasa tazameni sindano kwenye uzi wa sita: imepanda kama senti 12, na nusu sauti nzima ni senti 100. Kwa sikio tayari inakera kidogo. Sababu ni kwamba springi ina nguvu moja tu, inabana kama mlango wa mbao, huwezi kuipunguza, na uzi ukibanwa kupita kiasi unavutika na sauti inapanda.

Hii ya skrubu naikaza taratibu. Nimekaza kidogo... napiga uzi mmoja mmoja... uzi wa nne unavuma kama nzi, maana yake haujabanwa vya kutosha. Nusu mzunguko tena. Sasa ni safi. Hapo hapo nasimama, siongezi. Tazameni sindano: senti 3, 4. Hiyo sikio halishiki.

Mahali pa kuweka nako ni muhimu kuliko bei. Iweke karibu na freti, nyuma yake tu upande wa kichwa cha gitaa, na iwe sambamba nayo. Ukiiweka katikati ya freti mbili utalazimika kubana kwa nguvu zaidi, na sauti itapanda. Ukiilaza juu ya chuma chenyewe, nyuzi zinafifia kama zimefunikwa kitambaa.

Jambo jengine, angalieni ubao wa shingo. Gitaa la nyuzi za nailoni kwa kawaida ubao wake ni bapa. Gitaa la nyuzi za chuma umepinda kidogo. Kapo iliyopinda ukiiweka kwenye ubao bapa, inashika nyuzi za pembeni na kuziacha za katikati zikivuma. Ukisikia uzi wa tatu na wa nne ndio wenye tatizo kila siku, usiongeze nguvu, badilisha kapo.

Na kwa sie watu wa visiwani kuna chumvi ya hewa. Springi ya hii kapo baada ya miezi mitatu ilianza vidoa vya kutu, nikawa naifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza. Ya skrubu nayo nilipiga tone la mafuta ya cherehani kwenye uzi wa skrubu, inazunguka laini mpaka leo.

Wapenzi wa taarabu wananiuliza kama kapo itawasaidia kwenye maqam. Kwa Nahawand na Ajam, ndiyo, zinahamishika vizuri. Rast na Bayati zina zile noti za robo sauti, na freti za gitaa ni nusu sauti tu. Kapo inahamisha kilichopo, haitengenezi noti ambayo gitaa halina. Hiyo waachieni udi na fidla.

Basi mie nimebaki na ya skrubu kwa kurekodi na kwa wimbo ule wa Bb. Ya springi naibana kichwani kwa gitaa nikiwa jukwaani, kwa sababu kati ya wimbo na wimbo ninaihamisha kwa mkono mmoja, watu hawajamaliza kupiga makofi. Ila kila nikiihamisha, napiga G na oktava yake, nasikiliza, na nikiona uzi wa sita umepanda nauvuta pembeni kidogo chini ya kapo ukae sawa. Sasa naitoa hii ya skrubu... napiga nyuzi wazi... zimerudi E, A, D, G, B, E. Tupige wimbo mzima mara moja, kapo freti ya tatu.