Namba ya zamani iliyogoma kuondoka: uzoefu wangu na Google Business Profile

Nilipobadilisha namba ya simu ya karakana yangu ya baiskeli nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nilimwita mchoraji akafuta namba kwenye bango, nikairekebisha kwenye tovuti, kisha nikaingia Google Business Profile, huduma ya Google ya kusimamia taarifa za biashara kwenye ramani yake, nikairekebisha na huko. Wiki tatu baadaye mteja akafika mlangoni amenuna. "Fundi, simu yako anapokea mama mmoja ambaye hata baiskeli hana!" Alikuwa ameibonyeza namba kutoka kwenye ramani. Nilipofungua wasifu wa karakana, namba ya zamani ilikuwa imerudi mahali pake kana kwamba sijawahi kuigusa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ningefurahi kukijua mapema. Wasifu wa biashara kwenye ramani haujazwi na mwenyewe peke yake. Yeyote anayepita anaweza kupendekeza marekebisho, na mfumo wenyewe huchukua taarifa kutoka vyanzo vingine, tovuti yako ikiwemo. Vyanzo vikipingana, neno lako la mwenye mali si lazima liwe la mwisho. Mabadiliko ya namna hiyo huonyeshwa ndani ya wasifu ili uyakubali au uyakatae, na taarifa hutumwa kwa barua pepe. Zangu zilikuwa zimelala kwenye anwani ambayo siifungui. Kosa langu.

Nikairudisha namba mpya. Siku chache baadaye ya zamani ikarudi tena. Basi nikaacha kuhangaika na wasifu, nikaanza kuichunguza tovuti. Kwenye kompyuta nilifungua ukurasa wa kwanza, nikabonyeza `Ctrl+U` ili nione msimbo ulio nyuma yake, halafu nikatafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya zamani. Ilikuwepo! Macho ya mtu yanayosoma ukurasa hayangeiona, lakini mashine inayousoma iliikuta pale kila ilipopita.

Ilijificha sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kiungo cha kupigia simu kwenye ukurasa wa mawasiliano: maandishi yalionyesha namba mpya, ila kilichoandikwa baada ya `tel:` kilikuwa cha zamani. Maana yake hata aliyeingia kwenye tovuti yangu na kubonyeza namba sahihi kwa kidole alikuwa akimpigia yule mama. Ya pili ilikuwa ndani ya kile kipande cha data kinachoieleza biashara kwa injini za utafutaji. Aliyenitengenezea tovuti alikuwa amekijaza kupitia plagini, kwenye ukurasa wa mipangilio ambao sikujua kama upo. Ukitaka kujua kama nawe unacho, tafuta neno `telephone` kwenye msimbo huohuo. Kwa ufupi, changu sasa kimekaa hivi:

```json
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "LocalBusiness",
  "name": "Jina kama lilivyo kwenye bango",
  "telephone": "+[namba kamili]",
  "address": {
    "@type": "PostalAddress",
    "streetAddress": "[jengo na mtaa]",
    "addressLocality": "[mji]"
  },
  "url": "https://example.com/"
}
```

Kwenye tovuti kipande hiki hukaa ndani ya `<script type="application/ld+json">`. Namba niliiandika na msimbo wa nchi. Baada ya kuhifadhi nilipitisha ukurasa kwenye Rich Results Test, kipimo cha Google kinachoonyesha data inayosomwa kwenye ukurasa, na hapo nikakuta bado inaonyesha namba ya zamani, kwa kuwa tovuti ilikuwa ikitoa nakala iliyohifadhiwa kwenye kache. Nilipoifuta kache, namba mpya ikaonekana. Bila kipimo hicho ningekuwa nimejidanganya mara ya tatu.

Kisha nikafanya jambo ambalo nadhani wengi hulisahau: niliitafuta namba ya zamani kwenye ramani yenyewe. Ikatokea alama nyingine ya karakana yangu, mita chache kutoka ya kwanza, haina mmiliki, jina limekosewa herufi moja. Huenda mteja fulani aliiweka kwa nia njema. Niliiripoti kuwa ni nakala ya sehemu nyingine, na baada ya muda ikaondoka. Kwa hiyo siwezi kuapa ni ipi kati ya hizi tatu iliyokuwa ikirudisha namba. Ninachojua ni kwamba tangu zote zirekebishwe, haijarudi.

Jina nalo lilinitoa jasho. Kwenye ramani nilikuwa nimeongeza maneno ya matangazo mbele ya jina, nikiamini yataniinua kwenye matokeo. Kanuni zinasema jina liwe lile linalotumika kweli, kama linavyosomeka kwenye bango, na wasifu unaweza kusimamishwa kwa nyongeza za namna hiyo. Niliyaondoa. Nikatakiwa kuthibitisha biashara upya kwa video moja isiyokatwa: nianze nje mtaa na bango vionekane, kisha niingie ndani nionyeshe vifaa na ushahidi kwamba ni mimi ninayesimamia pale. Mimi nilijirekodi nikifungua mlango kwa ufunguo na kwenda moja kwa moja kwenye stendi ya kutengenezea. Jaribio la kwanza lilikataliwa, na nilipolitazama tena niliona bango halisomeki kwa sababu ya jua. La pili, asubuhi, likapita.

Kuhusu anwani sina mengi. Tovuti ilikuwa na S.L.P. tu, na sanduku la posta halikubaliki kama mahali pa biashara kwenye ramani, kwa hiyo niliandika jengo na mtaa pote pawili kwa maneno yaleyale. Sikuhangaika na mkato uliopungua wala kifupisho cha neno mtaa. Wapo wanaokesha wakilinganisha nukta. Kwa maoni yangu hiyo ni kupoteza muda. Namba tofauti au jengo tofauti ndiyo shida.

Kiungo cha kwenda kwenye tovuti kinahitaji uangalifu kidogo. Weka anwani ile ya mwisho ambayo kivinjari hutua, yaani `https` na `www` kama unaitumia, kwa kuwa tovuti nyingine zikikuelekeza kwingine hudondosha kile kilichofuata alama ya kuuliza. Na mimi nilikihitaji, maana niliongeza `?utm_source=google&utm_medium=organic&utm_campaign=ramani` ili takwimu za tovuti zinionyeshe waliotoka kwenye ramani. Kabla ya hapo wote walichanganyika na wa utafutaji wa kawaida.

Je, nimepanda kwenye matokeo? Kwa anayetafuta akiwa jirani, ndiyo, kidogo, ingawa sijui ni kwa sababu ya namba au maoni ya wateja yaliyoongezeka. Kwa aliye upande wa pili wa mji, hapana. Umbali ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa, na hakuna unachoandika kitakachosogeza karakana. Huduma yenyewe naipa nyota nne: ni bure, na inaleta watu. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya kulazimika kuikagua kila mwezi.

Nilimpigia yule mama kumwomba radhi. Akacheka, akasema bado hupigiwa mara mojamoja. Nimegundua inatoka kwenye orodha moja ya zamani ya biashara ambayo nenosiri lake nimelipoteza, na barua zangu kwao hazijajibiwa. Kwa sasa yeye mwenyewe huwasomea wateja namba yangu mpya.