Unanunua AI ya kuchora isometriki kwa ajili ya websaiti? Nimezipanga hivi

Wadau wa Mbeya, Iringa na Njombe mnaotengeneza websaiti, hii imenitokea juzi tu hapa Mwanjelwa. Mteja ana parachichi za Rungwe, anataka ukurasa unaoonyesha safari ya tunda kwa picha nne: shamba, banda la kupakia, kontena la baridi, bandarini Dar. Nikalipia zana moja (jina nalihifadhi), kila picha peke yake ikatoka nzuri balaa, kuzipanga pamoja sasa, banda limechorwa kutoka juu kabisa, kontena limechorwa kama umesimama barabarani, mteja akaniuliza "kaka hizi umeokota wapi?"

Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia uzuri wa picha moja. Angalia vitu viwili: inapokea picha ya mfano ili zifuatazo zifanane nayo, na inatoa vekta au pikseli tu.

Namba moja kwangu ni Recraft. Inatoa SVG moja kwa moja, kwa hiyo kingo zinabaki kali hata ukikuza picha mpaka ijae skrini, na unaipa rangi zako mwenyewe badala ya kuiomba "kijani cha parachichi" ukaletewa kijani kumi. Unaweza pia kupandisha picha zako ikatengeneza staili utakayorudia. Kasoro yake ni kwamba ile vekta huwa na vipande vingi mno, lazima upitie Inkscape ufute takataka. Na ukitumia ya bure soma masharti kabla hujamuuzia mteja.

Namba mbili Midjourney, inaanzia dola 10 kwa mwezi. Mkono wake ni mzuri, na `--sref` inabeba staili ya picha ya kwanza kwenda kwenye zingine. Ila inatoa pikseli, na `--sref` inabeba rangi na mkono wa uchoraji kuliko pembe ya kamera, pembe unaidai kwa maneno kila mara. Tatu ni ChatGPT Plus, dola 20 kwa mwezi. Hii ni rahisi kurekebisha kwa maongezi, unaiambia ondoa kivuli inaondoa, lakini kila marekebisho inachora picha upya, ukifika la tano kamera imeshasogea kidogo kidogo bila wewe kushtuka. Stable Diffusion ni bure, naiweka mwisho kwa sababu moja tu, inataka kompyuta yenye kadi ya grafiki ya maana. Kama unayo ipandishe iwe ya pili, maana kwa nyongeza yake ya ControlNet unaipa mchoro wa maboksi na pembe inashikwa barabara.

Sasa prompti yenyewe. Neno "flat" peke yake litakuponza, AI inaelewa picha ya kutazama kwa mbele, isometriki inakufa. Ukiandika "3D render" nayo inaleta rangi za kuyeyukiana na mng'ao. Dawa ni kuomba toni tatu kwa kila kitu, juu nyepesi, kushoto ya kati, kulia nzito, hapo boksi linaonekana boksi bila kivuli chochote. Mimi naandika hivi, na nikihamia picha nyingine nabadilisha mstari wa kwanza tu, vingine sigusi hata koma:

```
avocado packing shed with stacked crates,
isometric, orthographic projection, no perspective,
vertical edges straight up, camera from upper right,
three flat tones per object: light top, mid left, dark right,
no gradients, no outlines, no text, plain white background
```

Usitegemee kuandika "30 degrees" kutamaliza kazi, AI haina kipimapembe. Pima mwenyewe. Isometriki halisi kingo za chini zinapanda nyuzi 30, yaani ukienda pikseli 100 kando unapanda kama 58. Fungua picha Inkscape, weka gridi ya aksonometriki juu yake. Picha zangu za kwanza, ukingo wa banda ulipanda 57, safi, wa kontena ukapanda 35, ndo maana mteja aliona kituko hata bila kujua kwanini. Halafu fuata kingo mbili zinazotakiwa kuwa sambamba, zikianza kukaribiana kwa mbali, hiyo ni kamera ya kawaida imejificha, itupe, usihangaike kuinyoosha.

Rangi nazo zipime kwa kidonyoo, ile zana ya kuchukua rangi, gusa upande mmoja wa paa sehemu tatu. Kodi za rangi zikitofautiana basi sio rangi bapa, ni mchanganyiko unaodanganya macho. Kama una pikseli, kuza mara nne uangalie ukingo, ukiona ukungu wa kijivu pitisha Trace Bitmap ya Inkscape ukipunguza rangi mpaka sita hivi.

Ile kazi niliirudia kwa Recraft, banda likawa mfano, zingine tatu zikalifuata. Kontena lilinisumbua, nililitoa mara saba. Lipia mwezi mmoja tu, sio mwaka, na anza na kile kitu kigumu kuliko vyote kwenye seti yako.