Karatasi za marudio ya vitamini na madini: ipi ununue, na usome mstari gani kabla ya kulipa

Karatasi ya marudio ni jaduveli ya mwanafunzi wa lishe: kila kirutubisho kina mstari wake, na safu za kazi, vyakula, dalili na kinachozuia au kusaidia. Kabla hujatoa pesa, tafuta mstari wa madini joto. Vitamini A na vitamini C usihangaike nazo kwanza, karibu kila karatasi huzipata sawa. Angalia kilichoandikwa kwenye safu ya vyakula mbele ya madini joto. Ukikuta "chumvi ya bahari", irudishe karatasi ulipoitoa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kozi ya lishe nilinunua seti ya kurasa 12 yenye kosa hilo, nikalikariri, nikaliandika kwenye mtihani. Mwalimu hakunikata alama tu. Aliniita, akanipa kalamu. "Haya mwanangu, piga hesabu."

Hesabu yenyewe ni fupi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na madini joto kama mikrogramu 60. Tuseme umeyakausha maji hayo juani na hakuna madini joto yaliyopotea hata chembe. Anayekula gramu 5 za chumvi hiyo kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, hapati hata mikrogramu 9. Mtu mzima anahitaji 150, mjamzito 250. Chumvi iliyotiwa madini joto kiwandani kwa kiwango cha miligramu 30 kwa kilo inampa hizo 150 kwa kijiko kile kile.

Visiwani Zanzibar kosa hili lina uzito wake. Tumekua tukiambiwa kuwa aliyezungukwa na bahari hawezi kuota rovu, na Pemba chumvi inayokaushwa juani kwenye mashamba ya pwani imo majikoni tangu enzi za mabibi. Lakini waliopima watu wamekuta upungufu wa madini joto visiwani pia, hasa Pemba. Samaki wa bahari ana madini joto, ni kweli. Ila kipande kimoja kidogo kwenye mchuzi wa kugawana watu saba hakimtoshi mjamzito. Na muhogo una la kwake: sumu yake ikishavunjwa mwilini hutoa thayosianati, ambayo hushindana na madini joto kuingia kwenye tezi ya shingo. Mwenye madini joto ya kutosha hadhuriki nayo sana. Mwenye machache ndiye huumia.

Kwa hiyo mstari mzuri unasoma hivi. Kazi: kutengeneza homoni za tezi ya shingo, zinazoendesha kasi ya mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Vyakula: chumvi iliyotiwa madini joto, samaki na viumbe wa bahari, maziwa, mayai. Dalili: rovu, uchovu na kuhisi baridi, mimba kutoka, mtoto kuzaliwa na akili iliyodumaa. Kinachozuia: muhogo usiolowekwa au usioiva vizuri. Ile safu ya nne, ya kinachozuia au kinachosaidia, ndiyo inayotofautisha karatasi ya mwanafunzi na karatasi ya mtu anayeijua kazi.

Nimeshanunua, nimeazima na nimewanunulia wadogo zangu aina nne. Ninavyozipanga ni hivi.

Ya kwanza: fotokopi ya jaduveli ya mwanafunzi aliyetangulia, iliyosahihishwa. Neno la kushika hapo ni "iliyosahihishwa". Tafuta kalamu nyekundu ya mwalimu pembeni, au mistari iliyokatwa na kuandikwa upya. Karatasi hizi zinataja mchicha, kisamvu, matembele, dagaa, papai na embe, kwa hiyo swali likija na mlo wa nyumba ya Wete au Makunduchi hutapotea. Gharama ni bei ya fotokopi tu. Kasoro yake ni wino: fotokopi ya fotokopi hufuta nukta, na 2.4 ikasomeka 24. Vitamini B12 mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, basi itazame namba hiyo moja kwanza. Ikiwa haisomeki, omba nakala ya mwanzo.

Ya pili: kadi ndogo za maswali. Upande mmoja dalili, wa pili kirutubisho. Ni nzuri kwa dalili zinazofanana, hasa foleti na B12. Yoyote kati ya hizo mbili ikipungua, chembe nyekundu za damu huwa kubwa kuliko kawaida na mgonjwa hupungukiwa damu. Upungufu wa B12 huongeza ganzi na michomo ya miguuni, kwa sababu mishipa ya fahamu imeguswa. Kadi isiyotaja ganzi hiyo haifai. Mtu akimpa mgonjwa aliyepungukiwa B12 vidonge vya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, peke yake, damu itaongezeka na mishipa itaendelea kuharibika kimya kimya. Ninaziweka za pili kwa sababu kadi haina nafasi ya safu ya nne.

Ya tatu: faili la PDF kwenye simu. Ni rahisi kutafuta neno, na halichakai. Tatizo ni kwamba mengi yamenakiliwa kutoka nchi za mbali na hayajui minyoo ya safura wala kichocho. Fungua mstari wa madini chuma. Ukisoma "dalili: upungufu wa damu, tiba: vidonge vya chuma" na basi, ujue mwandishi hajafika Pemba. Hapa mtoto hupungukiwa damu kwa malaria na minyoo pia, si kwa chakula pekee. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2006 ulifanyika Pemba hapa hapa, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Waliopewa chuma na foliki kila siku walilazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wenzao, hata sehemu hiyo ikasimamishwa 2003. Tangu hapo, palipo na malaria chuma cha watoto hutolewa pamoja na kinga na matibabu ya malaria. Kwa mwanafunzi wa lishe wa Zanzibar, hilo halipaswi kukosekana kwenye karatasi ya madini chuma. Faili lako likiwa halina, liandike mwenyewe chini ya mstari, pamoja na mambo mawili ya jikoni: ndimu juu ya mchicha husaidia chuma chake kufyonzwa, chai ya rangi juu ya mlo hukizuia.

Ya mwisho: bango la rangi lililolaminetiwa. Kijana wa steshenari atakuonyesha hili kwanza. "Chukua hii dada, haingii maji." Kweli haingii maji, lakini haliandikiki pia. Kosa ulilolikuta utalala nalo ukutani mpaka siku ya mtihani. Mengi yana tufaha na brokoli, matunda na mboga ambazo bibi wa Micheweni hatakutajia unapomuuliza amekula nini jana. Na nafasi ni ndogo, hivyo dalili hubanwa kwa neno moja: "macho" kwa vitamini A. Macho vipi? Mtoto hugongana na vitu jioni kiza kinapoingia, kisha jicho hukauka, kisha madoa meupe kama povu hutokea kwenye weupe wa jicho. Hatua hizo ndizo zinazoulizwa, na ndizo zitakazokufanya umpeleke mtoto kituo cha afya mapema.

Ukilazimika kununua bango, basi nunua lisilolaminetiwa, uliandike kwa kalamu ya risasi safu ya nne, ulipeleke kwa mwalimu, kisha ndipo ulirudishe steshenari kulaminetiwa.